Salio linapanda, huku pesa zinaisha

*Mshauri, nimestaafu mwaka huu nikiwa na miaka 60. Mfuko wa akiba wa kazini umenilipa chote kwa mkupuo, na baada ya kumaliza madeni nimebaki na shilingi 7,200,000. Sina pensheni ya kila mwezi. Nimepiga hesabu hivi: nikiziweka mahali pa kunipa 10% kwa mwaka baada ya kodi, nitapata 720,000. Mimi na mke wangu tunatumia 50,000 kwa mwezi, yaani 600,000 kwa mwaka. Kwa hiyo kila mwaka zitabaki 120,000, na mtaji hautaguswa mpaka nife. Kijana wetu anaomba 1,200,000 anunue gari la mizigo, nami naona nafasi ipo. Mke wangu ana miaka 54 na hataki hata kulisikia jambo hilo. Anasema pesa zitatuishia tukiwa hai. Tumefika mahali hatusemezani. Nani kati yetu ana haki?*
*Mstaafu, Likoni, Mombasa*

Shikamoo mzee wangu, na pole kwa ukimya uliowaingilia nyumbani. Nitakujibu waziwazi: mama ana haki. Hesabu yako ya kutoa na kujumlisha haina kosa, ila umehesabu mwaka mmoja kisha ukadhani miaka yote itafanana nao. Riba yako itahesabiwa kwa shilingi zilizomo kwenye akaunti, lakini unga, mafuta na nauli vitapanda bei. Kinachotoshelezwa na 50,000 leo hakitatoshelezwa na 50,000 ukiwa na miaka 70.

Tuchukue bei zipande 5% kwa mwaka. Nimechagua kiwango hicho kwa sababu lengo ambalo Benki Kuu ya Kenya inapaswa kulilinda ni 5%, na imeruhusiwa kupishana nalo kwa 2.5% juu au chini. Hiyo 10% yako baada ya kodi tuiache kama ulivyoiandika, ingawa hakuna aliyekuahidi kwamba itakaa hapo miaka yote. Tuseme pia kwamba kila mwanzo wa mwaka unatoa pesa za matumizi ya mwaka mzima, na zinazobaki ndizo zinazozaa.

Mwaka wa kwanza unatoa 600,000. Zinabaki 6,600,000, na kufikia mwisho wa mwaka zimekuwa 7,260,000. Salio limepanda, nawe utamwonyesha mama karatasi ya benki kwa furaha. Mwaka wa pili, ili mle na kuvaa vilevile, unatoa 630,000, na mwaka unaisha ukiwa na 7,293,000. Mwaka wa tatu unatoa 661,500, na salio linafika karibu 7,295,000. Hapo ndipo kilele chake. Mwaka wa nne ukiisha mna 7,260,000, bado ni zaidi ya mlizoanza nazo, na mtu yeyote atakayeitazama karatasi hiyo ataapa kwamba mtaji haujaguswa.

Kuanzia hapo mteremko unaanza, polepole mwanzoni. Baada ya miaka kumi zimebaki takriban 5,940,000. Baada ya miaka kumi na tatu zimebaki 4,177,000, yaani zaidi ya nusu bado ipo. Lakini kufikia wakati huo matumizi yaleyale ya leo yanataka zaidi ya 1,130,000 kwa mwaka, na salio lililopungua halizai tena riba ya kuyafidia. Miaka minne tu baadaye hakuna kitu. Mwaka wa kumi na saba utahitaji karibu 1,310,000, nawe utakuwa na 1,244,000, za kukufikisha mwezi wa kumi na moja. Utakuwa na miaka 76, ukikaribia 77. Mama atakuwa na 70, akikaribia 71, na kwa majaliwa ya Mungu huenda akawa na miaka ishirini mbele yake.

Kwa hiyo zile 120,000 ulizoziona zinabaki si faida ya kugawa. Ni sehemu ya chakula chenu cha miaka ya baadaye, iliyofika mapema. Wengi walioweka pesa kwenye hatifungani za serikali hukosea papo hapo. Hatifungani ya kawaida hulipa riba mara mbili kwa mwaka, na kiasi hicho ni kilekile mpaka siku inapoiva, hata bei zikipanda vipi. Anayekula riba yote miaka ya mwanzo kwa sababu "mtaji upo" anakula nyongeza ambayo angeihitaji mwaka wa kumi.

Sasa nikupe kipimo cha kukuonyesha ukweli mapema, kwa maana salio linauficha. Kila mwanzo wa mwaka, gawanya salio lako kwa kiasi unachokusudia kutoa mwaka huo. Leo, 7,200,000 ukigawa kwa 600,000 unapata 12, yaani una mafungu kumi na mawili ya matumizi ya mwaka. Mwaka wa pili, 7,260,000 ukigawa kwa 630,000 unapata kama 11 na nusu. Mwaka wa tatu 11, wa nne 10 na nusu, wa tano 10. Ona jambo hilo vizuri: katika miaka hiyo hiyo ambayo salio lilikaa juu ya 7,200,000, mafungu yamepungua kila mwaka. Nusu fungu likipotea kila mwaka mapema namna hiyo, jueni mnakula mtaji.

Kipimo hicho kina faida nyingine. Pesa zikizaa sawasawa na kupanda kwa bei, idadi ya mafungu ndiyo idadi ya miaka. Kwenu ingekuwa miaka 12 kamili. Zikizaa zaidi ya bei zinavyopanda, miaka inazidi mafungu. Zikizaa chini, kama pesa zinazolala kwenye akaunti isiyo na riba ya maana, miaka haifiki hata hayo mafungu. Na kama mngetaka pesa zisiishe kabisa, kwa 10% na 5% tulizochukua, mngepaswa kuanza na mafungu 22. Kwa shilingi 7,200,000 hiyo ni kama 27,000 kwa mwezi, nami sidhani mnaweza kuishi hivyo. Basi msitafute pesa zisizoisha, tafuteni pesa zitakazomfikisha mama mbali.

Nije kwa kijana. Wewe unaona 1,200,000 ni matumizi ya miaka miwili. Lakini ukizitoa leo, zinabaki 6,000,000, sawa na mafungu 10, na kwa hesabu ileile zitadumu miaka 13. Utakuwa umepoteza karibu miaka minne, maana shilingi inayotoka leo inaondoka na riba ambayo ingeizaa kwa miaka kumi na zaidi. Ukiwa na miaka 73, mama akiwa na 67, mtakuwa mnamtegemea kijana huyo huyo na gari lililokwisha chakaa. Mwambie bila kumvunja moyo kwamba pesa hizi si mtaji wa biashara, ni mshahara wenu wa miaka ishirini ijayo uliolipwa siku moja.

Upande wa pili, punguzo dogo leo lina nguvu kubwa. Mkianza na 45,000 kwa mwezi badala ya 50,000, pesa zitadumu miaka 20. Mkianza na 40,000, zinapita miaka 24 na nusu, na mama atakuwa na miaka 78. Sijui kodi ya nyumba wala dawa zenu, kwa hiyo siwezi kuwachagulia. Kaeni wawili na daftari, mtenge yasiyokatika na yanayoweza kupungua.

Kuna hatari moja ambayo wastani wa 5% hauionyeshi. Bei hazipandi kwa utaratibu. Novemba 2011 mfumuko wa bei Kenya ulipita 19%, na Oktoba 2022 ulifika 9.6%. Tuseme matumizi yenu yanapanda 10% kwa miaka miwili tu, kisha yanarudi 5%. Miaka hiyo miwili ikija mwanzoni, pesa zitadumu miaka 15 badala ya karibu 17. Ikija mwishoni, mnapoteza kama miezi miwili hivi. Sababu ni kwamba nyongeza ikishaingia haitoki tena, kila nyongeza inayofuata inapanda juu yake. Riba ikishuka inadhuru kwa mpangilio huo huo: miaka mibaya ya mwanzo ndiyo mibaya zaidi.

Lakini jambo hilo hilo ndilo linalowapa kinga. Mkijinyima nyongeza ya mwaka wa pili peke yake, mkabaki na 50,000 zilezile mwaka mmoja zaidi, kisha mkaendelea na 5% kama kawaida, pesa zitapita miaka 18. Hiyo ni kujinyima 2,500 kwa mwezi ili kupata zaidi ya mwaka mmoja mbele. Kwa hiyo mwaka ambao riba imeshuka au bei zimeruka, msikimbilie kuongeza chote. Ongezeni nusu, au msiongeze, na mwaka wa neema ukija msirudishe mlichojinyima.

Huenda mkamsikia mtu akitaja kanuni ya 4%. Ilitokana na Mmarekani William Bengen, aliyeonyesha mwaka 1994 kwamba mstaafu aliyetoa 4% ya akiba yake mwaka wa kwanza, kisha akaongeza kwa mfumuko wa bei, hakuishiwa ndani ya miaka 30. Aliipima kwa hisa na hatifungani za Marekani na bei za huko, kwa hiyo si ahadi kwa mtu wa Likoni. Ila iwape kipimo cha tahadhari: 4% ya pesa zenu ni 24,000 kwa mwezi, na wewe ulikusudia kutoa zaidi ya 8%.

Ushauri wangu ndio huu. Gari lisinunuliwe kwa pesa hizi. Anzeni na 45,000 au chini yake mkiweza. Pesa za matumizi ya mwaka mmoja ziwe mahali pa kutolewa haraka, zilizobaki zizae, na riba inayozidi matumizi irudishwe izae tena. Kila Januari gawanyeni salio kwa matumizi ya mwaka huo na muandike jibu kwenye daftari, mama akiwepo. Mkianza na 45,000 mna mafungu 13 na theluthi. Yakishuka chini ya 11 kabla ya mwaka wa saba, mnatoa kwa kasi kuliko tulivyopanga, na nyongeza ya mwaka huo iachwe.

Na kabla ya hayo yote, mzee wangu, mwambie mama kwamba hesabu imemtetea. Miaka tunayoihesabu hapa ni yake zaidi kuliko yako, naye ana haki ya kuishika kalamu.