Seteni ya Dizeli: Kwa Nini Injini ya Zamani Hugonga Asubuhi

Mwezi wa Julai, kabla ya mapambazuko, kipimo cha joto mjini Nairobi huweza kushuka hadi karibu digrii 10. Katika saa hizo, apitaye Kawangware au Kibera husikia magari ya zamani yakihangaika kuwaka: stata huzunguka kwa muda mrefu, kisha injini hushika kwa kishindo, hutetemeka, hutoa moshi mweupe wenye kuchoma macho, na baada ya dakika chache hutulia. Wenye magari wengi huilaumu dizeli. Pengine wana haki, lakini mara nyingi sivyo. Ili kuamua, yafaa kujua kwanza maana ya neno seteni.

DIZELI HUWAKAJE?

Injini ya petroli huwashwa kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Pistoni huubana upepo ndani ya silinda mpaka uwe moto sana, kisha nozeli hunyunyiza dizeli katika upepo huo, nayo huwaka yenyewe. Lakini haiwaki papo hapo. Matone hayana budi kwanza kugeuka mvuke, kuchanganyika na upepo na kupata moto wa kutosha. Kitambo hiki kati ya kunyunyiza na kuwaka ndicho kiini cha jambo lote, na namba ya seteni hueleza urefu wake: namba ikiwa kubwa, kitambo ni kifupi, ikiwa ndogo, kitambo ni kirefu.

Seteni yenyewe ni mafuta safi yanayowaka upesi sana, nayo yamepewa namba 100. Mafuta mengine yaliyo mazito wa kuwaka yamepewa namba 15. Dizeli hupimwa katika injini maalumu kwa kulinganishwa na michanganyiko ya hayo mawili. Katika nchi za Ulaya dizeli ya magari haipaswi kupungua 51. Marekani huruhusu 40. Namba hii haielezi nguvu ya mafuta. Wala isifananishwe na okteni ya petroli, kwa maana petroli njema ni ile isiyowaka upesi kabla ya cheche, hali dizeli njema ni ile iwakayo upesi bila cheche.

KISHINDO HUTOKA WAPI?

Injini ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, pistoni hupanda kutoka chini hadi juu kwa sehemu 20 za elfu za sekunde. Kunyunyiza huchukua sehemu chache tu za elfu. Basi, dizeli ikichelewa sehemu moja ya elfu, ni kidogo tu kilichokwisha kuingia. Huwaka, na inayofuata huungua kadiri inavyoingia, na pistoni husukumwa kwa upole. Ikichelewa sehemu mbili, sehemu kubwa ya dizeli imekwisha kujikusanya ndani. Inaposhika moto, yote hulipuka kwa pamoja, na pistoni hupigwa kana kwamba kwa nyundo. Ndicho kishindo tusikiacho, na ndiyo sababu ya mtetemo.

Jambo hili huonekana pia katika reli ipitayo katikati ya Kibera. Injini kubwa ya kuvuta treni huzunguka polepole kuliko ile ya gari dogo, kwa hiyo dizeli hupata nafasi zaidi ya kuwaka, na namba ya seteni haiisumbui sana.

Gari la zamani la Nairobi lina mizigo mitatu. Asubuhi vyuma vyake ni baridi, navyo hunyang'anya upepo joto lake. Pili, mji uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa imepungua karibu sehemu moja katika tano kuliko Mombasa. Tatu, ringi za pistoni zilizolika huvujisha upepo unapobanwa. Yote matatu hurefusha kitambo kile kile. Dizeli ya seteni kubwa hupunguza taabu hiyo, lakini haiziondoi sababu zake.

JE, DIZELI ZA VITUO NI TOFAUTI?

Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Mombasa kiliacha kusafisha mwaka 2013, na tangu hapo Kenya imekuwa ikiagiza dizeli iliyokwisha kusafishwa. Tofauti kubwa kati ya kituo na kituo hutoka zaidi katika uchanganyaji. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko dizeli, na wadanganyifu waliyachanganya humo. Mwezi wa Septemba 2018 Serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida hiyo.

Hapa kuna jambo la kuangaliwa. Tuseme dizeli ina namba 51, na mafuta ya taa 43. Ukichanganya sehemu saba za dizeli na tatu za mafuta ya taa, namba hushuka hadi karibu 49 tu. Sikio laweza lisitambue tofauti hiyo. Madhara yako kwingine: pampu nyingi za zamani hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa ni membamba, hivyo pampu husagika polepole. Kwa hiyo injini kuwaka kwa utulivu si ushahidi kwamba mafuta ni safi.

MFANO WA KUCHUNGUZA

Tufikirie gari la abiria la miaka ya 1990, lenye silinda nne, lilalalo nje Kawangware. Huwaka kwa shida, hutikisika na kutoa moshi mweupe kwa dakika tatu, kisha huwa jema siku nzima. Mwenyewe amekwisha kujaza katika vituo vitatu mbalimbali, na hali ni ile ile. Hilo peke yake laonyesha kuwa kosa halimo katika mafuta. Kama ugonjwa ungalianza baada ya kujaza mahali pamoja na kuondoka baada ya kujaza pengine, hapo ingalistahili kuishuku dizeli.

Fundi huanza na betri, maana stata ikizunguka polepole upepo haupati moto. Kisha huzijia plagi za kupasha moto, ambazo mafundi huziita hita-plagi. Hufungua waya unaoziunganisha, hufunga upande mmoja wa taa ya kupimia kwenye ncha chanya ya betri, na kwa upande wa pili hugusa kila plagi. Taa ikiwaka, waya wa ndani haujakatika. Isipowaka, plagi imekufa. Katika gari letu mbili kati ya nne zimekufa. Silinda mbili zilikuwa zikiwaka, na nyingine mbili zikitema dizeli isiyoungua hadi zipate joto. Moshi ule mweupe ulikuwa dizeli hiyo. Dalili hizi ni zile zile za seteni ndogo, na ndiyo maana watu hudanganyika.

Kama plagi zote zingalikuwa nzima, fundi angalipima mgandamizo wa silinda, kisha majira ya pampu. Na kama injini hugonga hata ikiwa imepata moto, hasa katika silinda moja, nozeli ndiyo ya kutazamwa. Mtu asiweke kidole mbele ya nozeli inayonyunyiza, kwa maana dizeli hupenya ngozi na kuingia mwilini.

Dawa za kuongeza seteni zinazouzwa kwa chupa hufanya kazi kweli, lakini huongeza namba chache tu, na kipimo cha pili huongeza kidogo kuliko cha kwanza. Zingaliweza kufupisha zile dakika tatu za moshi. Zisingaliweza kuifufua plagi hata moja.