Chalenji ya Mti Uliovuka Kiangazi
Mwongozo wa kutengeneza video kwa klabu za mazingira za shule mkoani Dodoma

Video nyingi za kupanda miti huishia siku ya kupanda. Mche unawekwa shimoni, watoto wanapiga makofi, picha zinarushwa. Mkoani Dodoma siku hiyo haituambii kama mti utakuwepo mwakani. Mvua huanza kati ya mwisho wa Novemba na Desemba, hukoma Aprili, na kuanzia Mei ardhi hukaa miezi sita au zaidi bila mvua ya maana. Mche hufa Agosti na Septemba, wakati kamera zimeshaondoka.

Kwa hiyo chalenji hii ina sharti moja: klabu inarusha video yake wiki ya mwisho ya Oktoba tu, na hapo ndipo inapopata haki ya kuialika shule nyingine. Video ina urefu wa sekunde 90 na inaonyesha miche ileile, kutoka sehemu ileile, kuanzia Januari hadi Oktoba. Iliyokufa nayo inaonyeshwa.

Anzeni na maji

Kabla ya kuulizia miche, pigeni hesabu ya maji ya Septemba. Mche mchanga wakati wa kiangazi unahitaji kama lita 5 kila unapomwagiliwa, mara mbili kwa wiki. Tuchukue klabu yenye wanachama 32, wawili kwa kila mche, yaani miche 16. Hiyo ni lita 160 kwa wiki, sawa na ndoo 8 za lita 20. Je, Septemba, foleni ya bomba ikiwa ndefu, shule yenu inaweza kutenga ndoo hizo 8? Kama inaweza kutenga 4, pandeni miche 8. Idadi hii iamuliwe na mwalimu mlezi pamoja na anayesimamia maji ya shule, wala isitokane na wingi wa miche ya kupewa bure.

Chagueni pia wanafunzi ambao hawana mtihani wa taifa mwaka huo, ili wasiiache miche njiani kwa ajili ya masomo ya ziada. Likizo ya Juni huangukia kiangazi, hivyo kila mche uwe na angalau mlezi mmoja anayeishi jirani na shule. Mche usiomwagiliwa unaweza kufa katika wiki hizo, na mkifungua shule Julai mtakuta mmeshachelewa.

Shimo na mche

Chimbeni mashimo mwishoni mwa Novemba, kabla ya kufunga shule, yapate kunasa mvua za kwanza. Upana sentimita 60, kina sentimita 60. Udongo wa juu, ule mweusi, uwekeni upande mmoja. Wa chini uwekeni upande mwingine. Mwezi Januari, shule zikifunguliwa, chimbeni kidogo pembeni mwa shimo na mshike udongo wa kina cha sentimita 30. Ukiufinya ukashikamana, pandeni. Ukimwagika kama vumbi, subirini mvua nyingine.

Mwarobaini na mkwaju huvumilia ukame wa Dodoma. Chagueni mche wenye urefu wa sentimita 30 hadi 50, wenye shina gumu kidogo. Mche mrefu uliokonda huvutia machoni, lakini mara nyingi umekaa kwenye kiriba muda mrefu kupita kiasi na mizizi yake imeanza kujizungusha ndani.

Wakati wa kupanda ndipo kamera isogee karibu kabisa. Mwanafunzi mmoja anachana kiriba kwa wembe kutoka juu hadi chini, anakivua chote, na udongo unabaki umeshikana na mizizi. Kosa la kupanda mche na kiriba chake bado ni la kawaida sana, na halionekani kwa miezi kadhaa: mche unadumaa, majani yanageuka njano, na ukiuvuta kidogo unang'oka na plastiki yake. Sekunde 10 za mikono ikichana kiriba zitawafundisha watazamaji zaidi kuliko hotuba yoyote.

Rudisheni udongo wa juu kwanza, uliochanganywa na samadi iliyooza, kisha wa chini. Pale shina linapokutana na mizizi pawe usawa wa ardhi. Shindilieni kwa mguu taratibu, tengenezeni kisahani cha kushika maji, mtandaze nyasi kavu. Nyasi zisiguse shina, kwa sababu mchwa watapita humo. Zungushieni matawi ya miiba kuzuia mbuzi.

Kupiga picha

Wanafunzi wengi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, hivyo simu ni ya mwalimu mlezi. Pigeni kigingi hatua tatu kutoka kwenye mche, upande wa mashariki, na kila mara simu iwekwe juu yake. Pigeni asubuhi, jua likiwa nyuma ya simu. Kando ya mche simamisheni fimbo iliyopakwa rangi kila baada ya sentimita 10, urefu usomeke. Kila klipu ni ya sekunde 5, mara moja kila wiki mbili, na mwanafunzi anataja tarehe na urefu. Simu ikihama kutoka kwenye kigingi, mtiririko wa video unavunjika na ukuaji hauonekani tena. Sura ya mtoto ikionekana, ridhaa ya mzazi iwe imeshapatikana kwa maandishi. Mikono na miche inatosha.

Kiangazi mche unaweza kupukutisha majani yote, na wengine wataacha kuumwagilia wakidhani umekufa. Kwaruzeni gome kidogo kwa ukucha, karibu na ardhi. Chini ya gome pakiwa kijani na unyevunyevu, mche u hai. Pakiwa kahawia na pakavu hadi chini, umekufa. Pigeni klipu ya jaribio hilo, liwe ni habari njema au mbaya. Mkiona tope jembamba limepanda kwenye shina, hao ni mchwa; liondoeni siku hiyohiyo na msogeze nyasi mbali zaidi.

Kuunganisha video

Sekunde 25 za kwanza ni shimo na kiriba. Sekunde 40 zinazofuata ni klipu za kigingi, zilizofupishwa hadi sekunde 2 kila moja, ili mtazamaji aone nyasi za Machi zikigeuka vumbi la Septemba. Sekunde 25 za mwisho ni za mwaliko. Msiweke muziki juu ya sauti inayotaja tarehe.

Mwaliko

Mwaliko uelekezwe kwa shule moja jirani, itajwe jina. Mwanafunzi asimame kando ya mche ulio hai na aseme kwa hesabu za klabu yenu, kwa mfano:

"Januari tulipanda miche 16. Leo 12 iko hai. Miwili imeliwa na mchwa, mmoja na mbuzi, mmoja ulikosa maji likizo ya Juni. Tunaialika klabu ya shule jirani yetu. Njooni kabla ya kufunga shule, tuwaonyeshe mashimo yetu, na fimbo yetu ya kupimia tunawapa."

Klabu yenu nayo inakaribishwa kuanza msimu huu. Mwezi Oktoba au Novemba, mwalimu mlezi afike kwa afisa misitu wa wilaya au ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania iliyo karibu, aulize kuna miche gani kitaluni na inapatikana vipi. Akienda, awe ameshaandika kwenye karatasi idadi ya ndoo ambazo shule inaweza kutenga kila wiki mwezi Septemba.