Kodi ya Nyumba Bila Kujenga: Pesa ya Riti Inavyotembea Hadi Kwako

Ukitembea kutoka Njoro mjini kuelekea Chuo Kikuu cha Egerton, utaona vyumba vya wanafunzi vimejengwa kila kona. Kila mwenye ploti anajua hesabu yake: wanafunzi wakiwepo, kodi inaingia, chuo kikifungwa, vyumba vinabaki na kufuli. Wengi wangependa kuwa landilodi, lakini pesa ya kununua ploti na kujenga hawana.

Hapo ndipo utasikia mtu akitaja REIT, ambayo kwa mazungumzo tunaiita riti. Leo tufuate shilingi ya kodi, kutoka mfukoni mwa mpangaji hadi kwako mwenye uniti. Kisha tuangalie riti moja ya Kenya iliyowapa watu somo la bei ghali.

Riti ni nini hasa?

Riti ni mfuko ambao watu wengi wanachangia, kisha mfuko huo unanunua majengo. Ukichangia, unapewa uniti kulingana na pesa yako. Ni kama chama, ila kuna tofauti mbili kubwa.

Kwanza, pesa na hati za majengo haziko mikononi mwa mwekahazina. Ziko chini ya mdhamini, ambaye kwa kawaida ni benki, kwa niaba ya wenye uniti. Meneja anatafuta wapangaji na kusimamia majengo, lakini mali si yake.

Pili, kuna kanuni. Nchini Kenya ni za mwaka 2013, na msimamizi ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Riti ya kukusanya kodi, inayoitwa I-REIT, lazima iwagawie wenye uniti angalau asilimia 80 ya faida yake halisi ya mwaka. Deni lake nalo lina mpaka: kwa kawaida lisizidi asilimia 35 ya thamani ya mali yote.

Tufanye hesabu

Tuseme riti ina majengo ya shilingi milioni 120, na imegawanywa katika uniti milioni 6 za shilingi 20 kila moja. Kwa mwaka inakusanya kodi ya milioni 10.

Kabla yako, kuna wengine wanaolipwa. Askari, maji, ukarabati na bima vinachukua milioni 2.5. Meneja, mdhamini, mkaguzi wa hesabu na mthamini wa majengo wanachukua milioni 1.5. Kinachobaki ni milioni 6.

Asilimia 80 ya hiyo ni milioni 4.8. Gawanya kwa uniti milioni 6, unapata senti 80 kwa kila uniti. Kwa hivyo mwenye uniti 1,000, aliyelipa shilingi 20,000, anapata shilingi 800 kwa mwaka kabla ya ushuru unaokatwa kwenye mgao. Hiyo ni asilimia 4.

Angalia kitu hapo: wapangaji walilipa asilimia 8 na zaidi ya thamani ya jengo, lakini wewe umefikiwa na nusu. Hakuna aliyeiba. Nyingi ni gharama, na sehemu ya faida imebaki kwenye riti. Na malipo mengi ya wasimamizi hayapungui sana hata kama mfuko ni mdogo, kwa hivyo riti ndogo huumia zaidi.

Yaliyotokea Fahari

Riti ya kwanza kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi ilikuwa Fahari I-REIT, Novemba 2015. Uniti moja ilikuwa shilingi 20. Ilianzishwa na Stanlib, na baadaye usimamizi ukaenda kwa ICEA Lion, ikaitwa ILAM Fahari.

Fahari ilitaka kukusanya bilioni 12.5, ikapata kama bilioni 3.6. Kwa hivyo ilinunua majengo machache, na jengo moja, Greenspan Mall kule Donholm, likabeba sehemu kubwa ya mapato. Supamaketi kubwa ya hapo ilikuwa Tuskys. Tuskys ilipoyumba mwaka 2020, mpangaji mkuu akawa hana uwezo, na ikabidi nafasi ichukuliwe na Naivas. Ni shida ileile ya landilodi wa Njoro aliyepangisha ghorofa nzima kwa mtu mmoja.

Kwa mwaka 2019, Fahari ililipa senti 75 kwa uniti. Kwa mwaka 2021, senti 50. Mwenye uniti 1,000 alipata shilingi 750, kisha 500. Mgao ulipungua, lakini haukukauka.

Pigo kubwa lilikuwa kwenye bei. Watu wakitaka kuuza na wanunuzi ni wachache, bei sokoni inashuka hata kama majengo bado yamesimama na yana wapangaji. Uniti ya shilingi 20 ilishuka chini ya 10. Mwaka 2023 wawekezaji wadogo walipewa nafasi ya kuuza uniti zao kwa shilingi 11, na Februari 2024 Fahari ikaondolewa kwenye soko kuu.

Piga hesabu. Aliyenunua kwa 20,000 na kuuza kwa 11,000 alipoteza 9,000 ya mtaji. Hata kama angelipwa 750 kila mwaka kwa miaka saba, angepata 5,250. Shimo halijajaa.

Kwa hivyo weka vitu hivi viwili mbali kichwani: kodi inayogawiwa inatoka kwa wapangaji, lakini bei ya uniti inatoka kwa wanunuzi wa uniti. Moja inaweza kuwa sawa na nyingine ikaharibika.

Je, mtu wa kawaida anaweza kuingia?

Si rahisi. Riti nyingi za Kenya zimewekewa mipaka, na kiwango cha chini cha kuingia moja kwa moja ni shilingi milioni 5. LAPTrust Imara, iliyoorodheshwa mwaka 2023, iko katika kundi hilo. Riti za Acorn, zinazomiliki hosteli za wanafunzi za Qwetu na Qejani jijini Nairobi, nazo huuzwa kwenye jukwaa la pembeni la Soko la Hisa, si soko kuu. Acorn ina jukwaa la kidijitali liitwalo Vuka, linalokusanya pesa za watu wadogo ili waingie pamoja.

Njia nyingine ni ile usiyoiona: mfuko wako wa pensheni unaweza kuwa tayari unamiliki uniti hizo.

Kabla hujatuma pesa

Uliza mambo haya, na majibu uyaone kwenye ripoti ya mwaka, si kwa mdomo. Mpangaji mkubwa analipa sehemu gani ya kodi yote? Nafasi ngapi ziko tupu? Gharama zinakula kiasi gani cha kodi? Na nikitaka kutoka, nitamuuzia nani?

Halafu angalia jina la riti, la meneja na la mdhamini kwenye orodha ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Mtu akikwambia ana riti ya vyumba karibu na chuo, lakini hana mdhamini na anataka utume kwa namba yake ya simu, hiyo si riti. Na akikuahidi mgao usiobadilika kila mwezi, kumbuka kwamba hata vyumba vya Njoro havina kodi ya namna hiyo chuo kikifungwa.