Chai Isubiri: Jinsi ya Kurudisha Chuma Unachopoteza Hedhini

Kila damu ya mwezi inapotoka, madini ya chuma nayo yanatoka. Mililita mbili za damu zina karibu miligramu moja ya chuma. Hedhi ya kawaida ni mililita 30 hadi 40 hivi kwa mwezi, kwa hiyo unapoteza miligramu 15 hadi 20. Ongeza na kile kidogo ambacho mwili hupoteza kila siku kwa njia nyingine, utaona unahitaji kufyonza karibu miligramu moja na nusu kila siku ili usibaki na deni. Binti ambaye bado anakua anahitaji zaidi kidogo.

Kiasi hicho ni kidogo, na pengine tayari kipo kwenye sahani yako mara kadhaa. Shida ni kwamba chuma cha maharage, mboga za majani na nafaka ni kigumu kufyonzwa. Sehemu kubwa inapita tu na kuishia chooni. Kwa hiyo kabla hujakimbilia sokoni kutafuta chakula kipya, tazama kwanza unakula nini pamoja na nini.

Tumchukue binti fundi cherehani wa miaka 22. Asubuhi anakunywa chai ya maziwa na chapati mbili. Saa saba mchana mama ntilie anamletea wali, maharage na mchicha. Akishamaliza tu anaagiza chai ya rangi, maana bila chai anasinzia kwenye cherehani. Usiku ni ugali na kisamvu, halafu kikombe kingine cha chai. Chakula chake si kibaya hata kidogo. Maharage anayo, majani anakula mara mbili kwa siku. Ila kila mlo anaufunga kwa chai.

Majani ya chai yana tanini, ile inayokausha ulimi chai ikikolea. Tanini hukikamata chuma cha mimea kikiwa bado tumboni, na mwili unashindwa kukichukua. Kikombe kimoja pamoja na mlo kinaweza kukunyima zaidi ya nusu ya chuma ambacho ungefyonza. Kahawa nayo inafanya hivyohivyo, kwa nguvu ndogo kidogo. Kutia maziwa kwenye chai hakukuokoi, kwa sababu kalsiamu ya maziwa nayo hupunguza ufyonzaji wa chuma.

Sitakuambia uache chai. Isogeze tu. Kula, kisha subiri walau saa moja ndipo unywe. Ukiweza kusubiri saa mbili, bora zaidi. Kabla ya mlo nako iache saa moja.

Fundi wetu tumpangie hivi. Chai ya asubuhi abaki nayo, maana chapati zake hazina chuma kingi cha kupigania. Chai ya mchana aihamishie saa tisa, muda ambao usingizi wenyewe ndipo unapomjia. Usiku anywe maji. Hajaongeza hata shilingi, na milo yake miwili yenye chuma imepata nafasi ya kufanya kazi.

Sasa weka kitu chenye vitamini C kwenye mlo uleule. Hii ndiyo inayofanya chuma cha mimea kifyonzwe kwa urahisi, na inaweza kuongeza ufyonzaji mara mbili au zaidi. Lazima iwe ndani ya mlo. Chungwa la saa nne asubuhi halisaidii maharage ya saa saba.

Kamulia limao au ndimu juu ya maharage yakiwa tayari kwenye sahani. Usiitie kwenye sufuria inayochemka, moto unaua vitamini C. Kachumbari mbichi ya nyanya, kabichi na pilipili hoho ni nzuri mno. Pera, chungwa, papai au embe mwisho wa mlo, mahali pa chai, vinafaa pia. Juisi ya ubuyu usiochemshwa ni hazina, ubuyu una vitamini C nyingi. Zile mbegu za ubuyu zilizopikwa kwa sukari na rangi ni peremende, zile kwa raha yako.

Na kama nyumbani kwenu mboga haziivi bila magadi, punguza mkono. Magadi yanalainisha, lakini yanamaliza vitamini C iliyokuwa kwenye majani.

Chuma cha nyama na samaki ni habari nyingine. Mwili hukifyonza kwa urahisi zaidi na chai hakiogopi sana. Kizuri zaidi ni kwamba nyama au samaki kidogo tu ndani ya mlo husaidia chuma cha maharage na mboga kifyonzwe vilevile. Huhitaji nusu kilo. Chukua kiganja kimoja cha dagaa wakavu, waoshe kwa maji ya moto, wakaange na kitunguu na nyanya, halafu wachanganye kwenye maharage au mchicha. Sufuria ya familia nzima inafaidika.

Maini ndiyo mfalme wa chuma. Sahani ndogo ya maini ya ng'ombe au ya kuku mara moja kwa wiki inatosha, kamulia ndimu ukipenda. Ukiwa mjamzito usiyafanye chakula cha mara kwa mara, kwa sababu yana vitamini A nyingi mno kwa mtoto aliye tumboni. Mayai kula kwa faida zake nyingine. Kwenye chuma usiyategemee, kiini chake kinakishikilia chuma na hakikiachii.

Maharage, kunde na choroko loweka usiku kucha, umwage maji yale, upike kwa maji mapya. Kwenye nafaka na jamii ya kunde kuna fitati, nayo hushika chuma kama tanini inavyofanya. Kuloweka hupunguza sehemu yake. Kuotesha choroko hadi zitoe vijimkia hupunguza zaidi, na kuchachusha pia. Ndiyo maana uji mchachu wa ulezi ni bora kuliko uji wa ulezi uliopikwa papo hapo. Bibi zetu hawakuwa wanapoteza muda.

Neno moja kuhusu juisi nyekundu. Kiazi sukari kinachotoa juisi kama damu kina chuma kidogo sana, kidogo kuliko maharage. Kunywa ukiipenda. Usiifanye dawa ukaacha kwenda kupima kwa kuwa umekunywa lita nzima.

Na udongo je? Ukijikuta unatamani udongo, barafu, mchele mbichi au vumbi la ukuta, usijicheke. Hamu hiyo mara nyingi ni ishara kwamba chuma kimepungua. Udongo wenyewe haukirudishi. Unashika chuma kidogo unachokula, na unaweza kukuletea mayai ya minyoo na risasi. Kapime damu. Wengi hamu hiyo huwaishia yenyewe baada ya chuma kurudi.

Ukifika maabara, kipimo cha kwanza ni wingi wa damu, HB. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 12 ni upungufu. Kwa mjamzito wengi hutumia chini ya 11. Jua lakini kwamba HB hushuka mwishoni, baada ya akiba kwisha. Unaweza kuwa na 12 na pointi, huku unapumua kwa shida ukipanda ngazi, moyo unadunda, nywele zinakatika na kichwa kizito. Hapo, kama uwezo upo, omba kipimo cha feritini. Hicho ndicho kinachoonyesha akiba.

Akiba ikishakwisha, chakula peke yake kitakuchelewesha sana. Hapo vidonge vya kuongeza damu vinahitajika, na kanuni ni zilezile. Meza kwa maji au juisi ya chungwa. Usimeze na chai, maziwa, wala dawa za kutuliza kiungulia. Tumbo tupu ni bora. Vikikuchafua moyo, meza na chakula kidogo, au muulize mhudumu kama unaweza kumeza siku moja na kuruka siku moja, mwili bado unafyonza vizuri. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Kikiwa kigumu, ongeza maji, matunda na mboga.

Rudia kipimo baada ya wiki nne. HB inapaswa iwe imepanda kwa pointi moja au mbili. Ikipanda, usiache dawa kwa sababu unajisikia vizuri. Endelea kwa takriban miezi mitatu baada ya HB kukaa sawa, ili akiba nayo ijae. Isipopanda na umemeza vizuri, usiongeze dozi mwenyewe. Huenda kuna minyoo ya safura inayokunyonya damu utumboni, huenda damu inatoka zaidi kuliko inavyoingia, au tatizo si chuma kabisa. Mwenye selimundu, au aliyeongezewa damu mara nyingi, asimeze chuma mpaka daktari aseme, maana huenda chuma kimemzidi.

HB isipopanda, hapo ndipo unapopaswa kuangalia hedhi yenyewe. Wengi wetu tumeambiwa "ni kawaida, hata mama yako alikuwa hivyo," tukanyamaza. Kuna dalili za wazi. Pedi inaloa yote ndani ya saa moja au mbili, kwa saa kadhaa mfululizo. Unalazimika kuvaa mbili kwa pamoja. Unaamka usiku kubadilisha. Yanatoka mabonge makubwa kuliko sarafu. Damu inapita siku saba. Hedhi ya namna hiyo inaweza kufikia mililita 80 na kuendelea, ambazo ni miligramu 40 za chuma kwenda na maji, na hakuna maini ya wiki yatakayoziba pengo hilo kirahisi.

Andika kwenye simu kwa miezi miwili: siku ngapi, pedi ngapi, zimeloa kiasi gani. Nenda nayo kliniki. Sema pia kama umewekewa kitanzi cha kopa, kwa sababu kinaweza kuongeza damu, na kama unatumia dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda. Kuna dawa za kupunguza hedhi nzito, na uvimbe wa kizazi nao unaweza kuonekana kwa altrasaundi. Ukizirai, au damu ikikutoka bila kupungua, usisubiri miezi miwili wala siku mbili, nenda hospitali leo.

Na vidonge vyako viweke juu, mahali pa kufungwa. Mtoto mdogo akimeza vichache tu kwa kudhani ni pipi, chuma hichohicho kinaweza kumuua.