Dondoo muhimu: Kwa nini ndege huelea kabla ya kugusa ardhi

- Bawa linapoinua ndege, hewa huzunguka kwenye ncha zake na kuzalisha ukinzani. Karibu na ardhi mzunguko huo hubanwa, ukinzani hupungua, na ndege hukawia kupoteza mwendo.

- Cessna 172 ina mabawa yenye upana wa mita 11 kutoka ncha hadi ncha. Bawa likiwa mita 2.75 juu ya njia ya kutua, yaani robo ya upana huo, ukinzani huo hupungua kwa takriban robo.

- Kasi ikizidi, ndege huelea mbali zaidi. Rubani huondoa nguvu ya injini na kusubiri bila kusukuma pua chini, kwani gurudumu la mbele likitangulia kugusa ardhi, ndege hudunda. Njia iliyobaki isipotosha, hupaa tena.