Ukoo ni upi kwenye jina refu?

Swali: Hati ya babu yangu wa Unguja ina jina lenye “bin” mbili na “el” mwishoni. Ukoo ni upi?

Jibu: Mtazame Hamed bin Muhammed bin Juma el Murjebi. Hamed ni ism, jina lake mwenyewe. Kila “bin” inapanda kizazi kimoja, baba kisha babu. Hiyo ndiyo nasab. El Murjebi ni nisba: huo ndio ukoo. Tippu Tip, jina tunalomjulia sote, ni laqab tu.

Shida huanza karani akiiacha nisba. Juma, jina la babu, huingia penye ukoo, na mjukuu akiandikwa vivyo hivyo anatoka na “ukoo” mwingine. Kwa hiyo linganisha hati kwa mlolongo wa “bin”. Kwa wanawake tafuta “binti”. Hufuata jina la baba, si la mume.