SOMO: BEI YA KAZI YA KUKEREZA CHUMA

Katika somo hili tutajifunza jinsi fundi anavyopiga hesabu ya muda na gharama kabla ya kumtajia mteja bei. Tutatumia kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya tu. Kalamu na karatasi ziwe karibu.

Tuchukue mfano wa fundi wa hapa Gare mwenye mashine ndogo ya kukereza chuma. Kiwanda cha mbao kinataka pini 20 za toroli za kubebea magogo. Kila pini ina unene wa milimita 25 kwa urefu wa milimita 100. Juu yake kuna kichwa chenye unene wa milimita 30 na urefu wa milimita 10. Karibu na ncha kuna tundu la pini ndogo ya kufungia.

Mteja anauliza, "Bwana fundi, moja utanifanyia kiasi gani?" Fundi anaitazama pini, anawaza, kisha anajibu, "Mzee, nipe 3,500." Wanakubaliana. Jumla ni shilingi 70,000. Je, fundi huyu amepata au amepata hasara? Hebu tuone.

Kwanza: Muda wa kisu kukata

Chuma laini kikikatwa kwa kisu cha kawaida cha kunoa, mwendo unaofaa ni kama mita 25 kwa dakika, yaani milimita 25,000. Nondo yetu ina unene wa milimita 30. Mzunguko wake ni 30 mara 3.14, yaani milimita 94 hivi. Gawanya 25,000 kwa 94, utapata mizunguko 265 kwa dakika. Tuseme mashine yetu ina gia ya mizunguko 260. Basi tutaitumia hiyo.

Nondo inapozunguka mara moja, kisu kinasogea milimita 0.2. Kwa mizunguko 260, kinasogea milimita 52 kwa dakika. Kwa hiyo urefu wa milimita 100 unamalizika kwa dakika 2 hivi. Tunapita mara mbili hivyo: unene unatoka 30 kwenda 28, halafu 26. Mara ya tatu ni ya kulainisha, kutoka 26 hadi 25. Hapo kisu kinakwenda polepole, milimita 0.1 kwa mzunguko, nacho kinachukua dakika 4. Jumla ni 2 na 2 na 4, yaani dakika 8.

Mtu anaweza kusema, "Si niongeze mwendo tu nimalize mapema?" Angalia nyuzi za chuma zinazotoka. Kwa kisu cha namna hii, zikigeuka rangi ya buluu, ujue joto limezidi. Kisu kitakuwa butu, nawe utasimamisha kazi ukinoe. Muda uliotaka kuuokoa unapotea kwenye jiwe la kunolea.

Pili: Muda ambao kisu hakikati

Hapa ndipo fundi wetu alipokosea. Alihesabu zile dakika 8 peke yake. Lakini pini haijitengenezi. Tuandike kila kazi ya pini moja:

Kukata kipande kwa msumeno: dakika 5
Kukifunga kwenye mashine na kukikaza: dakika 3
Kusawazisha ncha na kutoboa kijishimo cha senta: dakika 2
Kukereza: dakika 8
Kupima, kugeuza na kusawazisha kichwa: dakika 4
Kutoboa tundu na kuondoa makali: dakika 3
Jumla: dakika 25

Mmeona? Kukereza ni dakika 8 kati ya 25. Dakika 17 nyingine ni za mikono.

Tena kuna muda wa matayarisho: kunoa visu, kuvipanga, na kutengeneza kishikio cha kuelekeza tundu mahali pamoja kwa pini zote. Tuseme dakika 75. Muda huu ni mmoja, ukifanya pini 5 au 20.

Jambo moja zaidi. Pini moja inaweza kuharibika: ukikereza ikafika 24, huwezi kuirudishia unene. Kwa hiyo tunahesabu vipande 21 ili tupate pini 20 nzuri.

Vipande 21 mara dakika 25 ni dakika 525. Ongeza 75 za matayarisho, unapata dakika 600, yaani saa 10 kamili.

Tatu: Saa moja ya karakana ni shilingi ngapi?

Bei tunazoandika hapa ni za mfano. Kila fundi aweke za kwake. Tuseme kwa siku moja karakana inatumia hivi: ujira wa fundi 20,000, akiba ya kutengeneza au kubadili mashine 15,000, umeme 6,000, pango 5,000, visu na mafuta 4,000. Jumla ni shilingi 50,000.

Wengi watagawanya kwa saa 8, wapate 6,250 kwa saa. Hiyo si sawa. Katika saa hizo 8 kuna kuzungumza na wateja, kufagia, kufuata vifaa na kusubiri umeme urudi. Tuseme fundi akiandika daftari lake kwa wiki mbili, anaona saa za kazi ya mteja ni 5 tu kwa siku. Basi tunagawanya 50,000 kwa 5. Saa moja ni shilingi 10,000.

Nne: Tujumlishe

Kipande kimoja ni milimita 112, na msumeno unakula 3, yaani 115. Mara 21 ni milimita 2,415. Tununue mita 2 na nusu kwa shilingi 36,000. Nauli ya kufuata nondo ni 6,000.

Nondo na nauli: 42,000
Saa 10 mara 10,000: 100,000
Jumla ya gharama: 142,000

Gawanya kwa 20: kila pini ni shilingi 7,100, bila faida. Fundi alitaja 3,500. Kwa oda nzima amekosa shilingi 72,000, na sehemu yake imetoka kwenye ujira wake na akiba ya mashine. Mashine ikivunjika hana cha kuitengenezea.

Tukiongeza faida ya asilimia kumi, inakuwa 156,200, au 7,810 kwa pini. Anaweza kumtajia mteja 8,000.

Na mteja akitaka pini 5 tu? Vipande 6 mara dakika 25 ni 150, na 75 za matayarisho, jumla 225. Hizo ni saa 3 na dakika 45, yaani shilingi 37,500. Nondo ni 10,800 na nauli ileile 6,000. Jumla ni 54,300, na kila pini ni shilingi 10,860. Kazi ni ileile, lakini matayarisho na nauli vimegawanywa kwa pini chache. Mteja akilalamika, mwonyeshe karatasi.

Hesabu hii ni makisio. Oda ikianza, pima pini chache za kwanza kwa saa ya mkononi. Ukikuta dakika 32 badala ya 25, andika daftarini. Bei ya oda hii umeshaitaja, lakini ijayo utaitaja kwa dakika zako mwenyewe.

ZOEZI
1. Mteja anataka pini 10. Fundi atakata vipande 11. Atatumia dakika ngapi pamoja na matayarisho?
2. Muda huo ni shilingi ngapi, ikiwa saa moja ni 10,000?

Majibu: 1. Dakika 350. 2. Shilingi 58,333 hivi.